Usaili wa leseni ya uthamini: namba yako imetoka wapi?

Vijana wanaojiandaa kwa leseni huniuliza waanze na udalali wa nyumba na viwanja au uthamini wake, kana kwamba ni ngazi moja yenye vidato viwili. Ni kazi mbili tofauti, na mamlaka zinazotoa leseni huzipima kwa namna mbili tofauti. Dalali anashika fedha na siri za watu. Mthamini anaweka sahihi chini ya namba ambayo benki, mahakama au warithi wataitegemea.

Mtihani wa dalali nitaupitia haraka, kwa kuwa kwa kawaida ni wa kuandika na mengi yake yanasomeka. Anayefeli mara nyingi hafeli kwa hesabu ya kamisheni. Anafeli kwenye maswali ya uaminifu: unamtumikia nani kati ya muuzaji na mnunuzi, kasoro gani ya jengo huruhusiwi kuificha, na amana ya mnunuzi inakaa wapi. Hilo la amana halina mjadala. Inakaa kwenye akaunti ya fedha za wateja, iliyotengwa na ya ofisi, hata kama unairudisha kesho asubuhi. Mtahiniwa anayejibu kwamba angeiweka kwanza kwenye akaunti yake "kwa muda tu" ameshajieleza.

Uthamini una njia ndefu zaidi. Kwa kawaida unahitaji shahada ya fani hiyo au inayokaribiana nayo, kisha kipindi cha kazi chini ya mthamini mwenye leseni, huku ukijaza daftari la kazi: mali gani, lini, wewe mwenyewe ulifanya nini. Mwisho unaandika ripoti na kuitetea mbele ya jopo. Kwa wanaopitia RICS, chama cha kimataifa cha wataalamu wa ardhi na majengo, kwa mfano, usaili huchukua dakika 60, na 10 za mwanzo ni zako kuwasilisha kazi uliyoichambua. Zinazobaki ni za jopo.

Kuhusu daftari nina neno moja tu. Jopo husoma vitenzi. Ukurasa ulioandikwa "tulikagua", "tulipima" na "tulikadiria" kuanzia juu hadi chini unazaa swali moja: wewe ulikuwa unafanya nini? Andika kwamba ulipima ukumbi kwa futi, ukagundua dari imelowa upande wa nyuma, na ukapekua hati na kukuta rehani ambayo haijaondolewa.

Sasa ripoti yenyewe. Tuseme umethamini jengo dogo la ofisi linalopangishwa. Likijaa, linaingiza kodi ya 120,000 kwa mwaka. Weka fedha yoyote unayoitumia. Soko la eneo hilo linaonyesha kwamba vyumba hukaa wazi kiasi, hivyo unapunguza asilimia 10 na kubaki na 108,000. Ulinzi, bima, matengenezo na usimamizi vinakula 18,000. Mapato halisi ni 90,000.

Mpaka hapa karibu kila mtahiniwa anafika salama. Kazi inaanzia kwenye kiwango cha mapato, yaani asilimia ambayo wanunuzi wa majengo ya aina hiyo wanaridhika kuipata kwa mwaka kutokana na bei waliyolipa. Thamani ni mapato halisi gawanya kwa kiwango hicho, kwa hiyo kakosa kadogo hapa kanavimba. Ukitumia asilimia 8 unapata 1,125,000. Ukitumia 10 unapata 900,000. Jengo ni lile lile na wapangaji ni wale wale.

Kiwango hakitoki kichwani wala kwenye ripoti ya mwenzako. Kinatoka kwenye majengo yaliyouzwa. Umepata mauzo matatu. La kwanza liliuzwa 800,000 na mapato yake halisi ni 72,000, hivyo ni asilimia 9. La pili liliuzwa 600,000 na mapato halisi ya 55,200, asilimia 9.2. La tatu liliuzwa 1,050,000 ilhali mapato yake halisi ni 63,000 tu, asilimia 6.

Mtahiniwa asiye na subira anajumlisha, anagawanya kwa tatu, anapata kama asilimia 8.07 na kuandika thamani ya takriban 1,116,000. Hesabu haina kosa. Ndipo mjumbe mmoja wa jopo anauliza kwa upole: huyu wa asilimia 6 ni nani?

Ukifuatilia unakuta ni mwenye kiwanda cha jirani aliyekuwa anahitaji kiwanja hicho apanue eneo lake. Kwake kilikuwa na faida ambayo mnunuzi mwingine asingeipata, akalipa zaidi ili asikikose. Viwango vya Kimataifa vya Uthamini vinaeleza thamani ya soko kama kiasi ambacho mali ingebadilishana mikono siku ya uthamini, kati ya mnunuzi na muuzaji wenye hiari, wasio na uhusiano wa pekee, baada ya mali kutangazwa ipasavyo, kila mmoja akijua anachofanya na bila kushurutishwa. Vinataka pia uondoe nyongeza inayotokana na faida ya mnunuzi mmoja wa pekee. Jirani huyu analeta hasa nyongeza hiyo. Mauzo yake unayataja kwenye ripoti, unaeleza kwa nini huyategemei, kisha unabaki na yale mawili. Yanakuelekeza kwenye asilimia 9, na thamani ni 1,000,000. Kiasi cha 116,000 kimeondoka kwa swali moja, na watahiniwa wengi wanaikariri fasili hiyo neno kwa neno bila kuitumia hapa.

Kuna mtego wa pili, na huu unanasa hata wenye uzoefu. Lile jengo la kwanza lina kodi ya jumla ya 88,000 kabla ya kutoa chochote. Ukigawanya 88,000 kwa bei ya 800,000 unapata asilimia 11, namba nzuri kabisa kwa kuitazama. Lakini ukiichukua hiyo 11 na kuigawia mapato halisi ya jengo lako, 90,000, unapata takriban 818,000. Umetoa kiwango kwenye kodi ya jumla, ukakitumia kwenye mapato yaliyokwisha kutolewa gharama. Gharama umezitoa mara mbili. Dalili yake ni rahisi kuiona: kiwango chako kimezidi vya wenzako wote, na ripoti haisemi popote kama mapato ya majengo linganishi ni ya jumla au halisi. Msomaji wa jopo huanza kutafuta sentensi hiyo.

Wakimaliza hesabu wanahamia kwenye maadili, na swali linalorudi ni la mteja anayetaka namba ipande kwa sababu mkopo wake haujatosha. Jibu la "nitakataa" ni nusu. Wanataka kusikia utafanya nini kwa mpangilio: unamwomba alete ushahidi mpya kama anao, mauzo au mkataba wa kodi ambao hukuuona, unaupima kama ulivyopima mwingine, ukibadilisha namba, unaandika kwenye jalada kilichobadilika na kwa nini, usipobadilisha, unamjibu kwa maandishi. Akikutaka uondoe kwenye ripoti lile jengo linaloshusha bei, hapo kazi unaiacha, na ada yake unaisahau.