Grafu ya mzunguko wa galaksi na maada isiyoonekana

Sayari iliyo mbali na Jua hujikokota. Zebaki hukimbia kilomita 47 kwa sekunde, Dunia 30, Neptuni 5 na ushei. Karibu maada yote imelundikana kwenye Jua, hivyo mvutano hulegea kadiri unavyotoka nje. Ukichora kasi dhidi ya umbali, mstari unateremka. Mchoro kama huo wa galaksi ndio grafu ya mzunguko.

Mwaka 1970 wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford waliipima galaksi ya Andromeda, na mteremko uliotarajiwa hawakuuona. Lakini mfano ninaoupenda ni NGC 3198, katika kundinyota la Dubu Mkubwa. Nyota zake hufifia mapema, ila gesi ya haidrojeni inaendelea mbali zaidi, ikitoa mawimbi ya redio ya sentimita 21. Upande unaotujia, mawimbi hubanwa kidogo. Upande unaotukimbia, hurefuka. Tofauti hiyo hutupa kasi: kama kilomita 150 kwa sekunde, na inabaki hivyo mpaka takriban miaka ya nuru 100,000 kutoka kitovuni. Kama maada yote ingeishia, tuseme, kwenye miaka ya nuru 30,000, gesi ya pembezoni ingezunguka kwa kilomita 80 tu.

Hesabu yenyewe ni fupi:

M = v²r/G

G ni kiwango thabiti cha mvutano. Kasi v isipobadilika, umbali r ukiongezeka maradufu, maada M iliyo ndani yake nayo lazima iongezeke maradufu. Kwa NGC 3198 inafika kama Majua bilioni 150. Nyota na gesi, hata ukizikadiria kwa ukarimu, hazizidi sana moja ya tano. Kinachobaki ndicho kinachoitwa maada giza. Grafu inaipima kwa uzito tu. Ni kitu gani, haisemi.

Je, si nyota zilizozimika na mashimo meusi? Katika miaka ya 1990 watafiti walizitazama mamilioni ya nyota za Wingu Kubwa la Magellan, wakisubiri kitu cheusi kipite mbele na, kwa mvutano wake, kuikuza kwa muda nuru ya nyota iliyo nyuma. Vilipatikana vichache mno kuziba pengo.

Mwanafizikia Mordehai Milgrom alipendekeza njia nyingine mwaka 1983: labda kosa liko kwenye kanuni ya mvutano, mchapuko unapokuwa chini ya 10⁻¹⁰ m/s² hivi. Tusiibeze, kwani hukisia grafu za galaksi nyingi kwa maada inayoonekana peke yake. Inakwama kwenye makundi ya galaksi, ambako bado maada haitoshi. Katika Kundi la Risasi makundi mawili yaligongana: gesi, iliyo nzito kuliko nyota zote, ikakwama katikati. Vipimo vya 2006 vya jinsi nuru inavyopindwa na mvutano vilionyesha uzito mwingi uko kwingine, pamoja na galaksi zilizopita bila kugusana.