"Anakoroma Tu, Ndivyo Walivyo": Dhana Potofu Kuhusu Mbwa wa Uso Bapa

Hakuna kauli inayochelewesha matibabu kama hii: "Daktari, huyu ni pagi, kukoroma ni kawaida yake." Ni kawaida kwa maana ya kwamba wengi wa pagi na mbwa wengine wa uso bapa wanayo hali hiyo. Afya siyo. Fuvu limefupishwa kwa uzalishaji wa kuchagua, lakini nyama za ndani hazikupungua kwa kiasi hicho. Matundu ya pua yamebana, na kaakaa laini ni refu na nene, linaning'inia mbele ya zoloto, yaani mlango wa bomba la hewa. Mlio unaousikia ni nyama hiyo ikitikiswa na hewa inayopita kwa shida.

Na tatizo halibaki palepale. Kila anapovuta pumzi kwa nguvu, mvuto huo unavuta pia kuta za koo. Vifuko vidogo vya zoloto hupinduka nje na kuziba njia zaidi, kisha gegedu lenyewe hulegea na kuporomoka.

Chukua pagi wa miaka 3 ambaye akiwa amelala sebuleni hasikiki. Msikilize kooni, mkimbize polepole kwa dakika 3, kisha msikilize tena. Akianza kukoroma akiwa macho, akatapika povu, au akahitaji dakika nyingi kurudi hali yake, ana ugonjwa, hata kama mwenyewe unamwona mchangamfu. Mkoromo ukigeuka kuwa mluzi mwembamba, shuku zoloto. Hapo tumechelewa.

"Kivuli na maji vinatosha." Havitoshi. Mbwa hupoa hasa kwa kuhema, na huyu kuhema kwenyewe ni kazi inayozalisha joto na kuvimbisha koo. Joto la mwili likipita nyuzi 41 ni dharura. Mmwagie maji mwili mzima na umpepee kabla ya kumpakia garini, ukiacha akikaribia 39.5. Usimfunike taulo lililolowa. Linazuia joto kutoka.

"Upasuaji ni wa urembo." Tunakata kipande cha ubawa wa pua ili tundu lipanuke, na kaakaa linafupishwa mpaka liguse kwa shida ncha ya kidakatonge, kile kifuniko cha zoloto. Likibaki refu, shida inabaki. Likifupishwa mno, chakula na maji vinapanda puani au kuingia mapafuni. Hatari kubwa ni uvimbe wa koo, ndiyo maana mrija wa hewa hautolewi mpaka aamke kabisa, na saa 24 za kwanza anaangaliwa kwa karibu.

"Akishapasuliwa amepona." Amepata nafuu, mara nyingi kubwa. Bomba la hewa lililozaliwa jembamba halipanuliwi kwa kisu. Kwa hiyo mpunguze uzito kabla ya upasuaji, maana mafuta ya shingoni nayo yanabana koo, na ukanda wa shingoni uutupe leo. Mvalishe ule wa kifuani.