Mafuta kwenye ini la mwenye kisukari

"Nina kisukari aina ya pili. Majibu ya vimeng'enya vya ini ni ya kawaida, lakini altrasaundi imeonyesha mafuta. Inakuwaje, na yatapunguaje?"

Katika kisukari aina ya pili mwili hauitikii insulini ipasavyo. Mafuta yaliyohifadhiwa, hasa ya tumboni, huachiliwa ovyo kwenye damu na mengi huishia kwenye ini. Wakati huohuo kongosho huongeza insulini, na insulini hiyo nyingi hulisukuma ini kugeuza sukari kuwa mafuta. Seli za ini zinaweza kubeba mzigo huo kwa miaka bila kupasuka, kwa hiyo ALT na AST, yaani vimeng'enya vya ini, vinaweza kubaki kawaida.

Altrasaundi nayo ina mipaka: mafuta yakiwa machache huyakosa, na kovu la awali halioni. Kovu ndilo la kuogopwa, kwani ndilo linaloelekea sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. Hapo hutumika hesabu iitwayo FIB-4: umri mara AST, gawanya kwa chembe sahani zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha ALT.

Chukua mtu wa miaka 58 mwenye AST 38, ALT 36 na chembe sahani 190. 58 × 38 ni 2,204. Kipeuo cha pili cha 36 ni 6, na 190 × 6 ni 1,140. Jibu ni 1.93. Chini ya 1.3 hatari ya kovu kubwa ni ndogo (aliyevuka miaka 65 hutumia 2.0), na juu ya 2.67 ni kubwa. Huyu yuko katikati ingawa vimeng'enya vyake ni vya kawaida, hivyo anahitaji kipimo cha ugumu wa ini. Chini ya kilopaskali 8 humtuliza daktari. Usipige hesabu hii ukiwa na malaria: chembe sahani hushuka na jibu hupanda kwa uongo.

Kinachopunguza mafuta kwa uhakika ni kupunguza uzito. Mtu huyo akiwa na kilo 84, kupunguza 4 hivi huanza kuyaondoa mafuta. Uvimbe wa ini kutulia huhitaji kupunguza kilo 6 hadi 8, na kovu kulegea huhitaji 8 na zaidi. Pa kuanzia ni soda, juisi na sukari ya chai, maana sukari ya vinywaji hugeuzwa mafuta upesi. Kisha apunguze ugali au wali na kuongeza mboga na maharage. Pombe aiache. Kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki hupunguza mafuta ya ini hata mizani isiposogea.

Kwa dawa, metformini hushusha sukari lakini haitibu kovu. Semaglutidi hupunguza uzito na uvimbe wa ini. Pioglitazoni husaidia ini pia, ila huongeza uzito na haifai kwa moyo ulioshindwa. Anayetumia glibenklamidi au insulini azungumze na daktari kabla ya kupunguza chakula, kwa sababu kipimo kilekile cha dawa kinaweza kumshusha sukari hadi kuzirai.