Bei ya mpinzani huanzia wapi kuruka?

Dhana: ukishaijua bei yake, shusha yako.

Hili ndilo kosa linalogharimu zaidi. Mtu anafungua ukurasa wa bei wa kampuni kubwa, anaona tarakimu moja, anapunguza elfu tano. Cha kutazama ni mahali bei inaporuka.

Tuseme unauza mfumo wa mauzo ya dukani. Mpinzani ana vifurushi vitatu: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa mtumiaji mmoja, 65,000 kwa watumiaji watano, na cha tatu kimeandikwa "Wasiliana nasi" tu. Sasa mfikirie mwenye duka la vipuri aliyeajiri muuzaji mmoja. Wako wawili. Mtu mmoja wa ziada anamgharimu 45,000, na nafasi tatu zilizobaki hana wa kumpa. Basi wanatumia nywila moja wote wawili, na siku pesa ikipungua kwenye droo, mfumo hauwezi kusema nani aliuza nini. Kifurushi cha watu wawili kwa 35,000 kinamfaa huyo, na ile bei ya 20,000 hujaigusa.

Dhana: maoni ya nyota moja kwenye programu ya mpinzani ndiyo yenye siri.

Mengi yake ni hasira: ujumbe wa kuthibitisha namba haukufika, programu imegoma kufunguka. Mimi huanza na nyota tatu. Aliyetoa tatu bado anautumia mfumo, na huwa anataja kinachomkwaza: "Ni nzuri, ila mtandao ukikatika siwezi kuuza."

Kwenye Play Store unaweza kuchuja kwa nyota na kuyatanguliza mapya. Tazama tarehe, kisha majibu ya kampuni. Lalamiko la miaka miwili iliyopita huenda lilisharekebishwa. Lakini kama "tunalifanyia kazi" imejibiwa Januari, Juni na tena Desemba, hapo pana kitu.

Dhana: lalamiko likijirudia, ni pengo la kuingilia.

Si lazima. Wanaotaka bure watalalamika daima. Nenda kwa wenye maduka uone kama tatizo hilo tayari linawatoa jasho. Ukimkuta mtu anaandika mauzo kwenye daftari mtandao ukizima, halafu usiku anakaa kuyaingiza upya moja moja, huyo anaulipia usumbufu kila siku.

Jiulize pia kwa nini mpinzani mkubwa hajalitatua. Kuuza bila mtandao kwa simu mbili kuna mtego wake: betri moja iliyobaki dukani inaweza kuuzwa mara mbili, maana simu hizo hazijapeana habari. Kwa mwenye wateja wa matawi mengi, hiyo ni kazi nzito. Wewe unaweza kuanza na maduka yanayouzia kwenye simu moja tu, na uyaambie hivyo waziwazi kwenye ukurasa wako wa bei.