Themostati ya lori ni mlango tu, anayepoza ni rejeta

Lori likichemsha, mafundi wetu wengi wana dawa moja: toa themostati, tupa. Hapa visiwani dawa hiyo huonekana imeponya. Hata njia ya Chake Chake kwenda Wete, inayopanda na kushuka muda wote, kila kilima chake huisha kabla chuma cha injini hakijashiba moto. Lori hilohilo livushwe bara, lipande Kitonga kule Iringa na mzigo wake, ndipo utajua.

Themostati ni mlango wa maji. Injini ikiwa baridi, huifunga njia ya rejeta, maji yakazunguka ndani kwa ndani kupitia njia ya mkato. Ile iliyogongwa namba 82 huanza kufunguka kwenye nyuzi 82, na huwa wazi kabisa karibu na 95. Hapo imemaliza kazi yake. Joto likizidi, hilo ni la rejeta na feni.

Tuchukue lori la tani 30 kwenye mpando wa asilimia 6, mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Injini hutoa kama kilowati 150, na joto la kama kilowati 90 huingia kwenye maji. Ukubwa wa rejeta basi si upana wake. Ni kilowati ngapi inatoa kwa kila nyuzi moja ambayo maji yameizidi hewa ya nje. Ikitoa 1.5, maji yataizidi hewa kwa nyuzi 60. Hewa ikiwa 32, geji itatulia kwenye 92. Sasa mapezi yajae vumbi na mafuta, ibaki 1.2: tofauti inakuwa nyuzi 75, na maji yanafika 107. Kifuniko kizima kitayazuia yasitokote, lakini geji iko kwenye nyekundu, na themostati ilishafunguka zamani.

Kuitoa kunaongeza balaa. Kwenye injini nyingi kubwa, themostati ikifunguka huiziba ile njia ya mkato. Isipokuwapo, mkato unabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye pampu bila kuiona rejeta.

Dereva akiwa mlimani apunguze mwendo, maana mwendo ukishuka nusu, joto nalo hushuka karibu nusu, na ashushe gia ili pampu na feni visilegee.

Kabla ya kununua chochote, shika mipira ya rejeta, mkono ukiwa mbali na feni. Wa juu unaunguza na wa chini ni baridi? Maji hayapiti: themostati imeganda au mirija imeziba. Yote miwili inaunguza? Maji yanapita, hewa ndiyo haipiti; tazama mapezi, kisha mkanda wa feni.