Rejesho la gari la mizigo: kipi ni riba, kipi ni deni

Mfanyabiashara wa Mtwara Mjini anachukua Hiasi ya mizigo Januari, ya kusambaza bidhaa hadi Mikindani na Masasi. Bei taslimu ni shilingi milioni 30. Anatanguliza milioni 6, na milioni 24 zinazobaki analipa kwa miezi 24, rejesho 1,268,906 kila mwisho wa mwezi. Marejesho ya mwaka wa kwanza peke yake ni karibu milioni 15.2, na wengi huyaandika yote kama gharama. Hapo ndipo wanapoharibu ritani ya kodi.

Sehemu inayopunguza deni si gharama ya mwaka. Ni bei ya gari, na hurudi kwako kupitia uchakavu. Riba peke yake ndiyo unayoidai moja kwa moja kama gharama, kwa kadiri gari linavyotumika kibiashara.

Mkataba huu una riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Rejesho la kwanza lina riba ya 480,000 (asilimia 2 ya milioni 24), na 788,906 zinapunguza deni. Deni sasa ni 23,211,094, kwa hiyo rejesho la pili lina riba ya 464,222. Endelea hivyo hadi la 24, ambapo deni liishe kabisa. Likibaki zaidi ya shilingi chache za kuzungusha tarakimu, umekosea riba au tarehe.

Mkataba ukiwa kimya kuhusu riba halisi, au ukitaja riba ya fleti tu, jedwali la kompyuta litaitafuta. Mstari wa pili unatoa riba ya miezi 12 ya kwanza (itatokea na alama ya kutoa):

```
=RATE(24,-1268906,24000000)
=CUMIPMT(0.02,24,24000000,1,12,0)
```

Jibu ni takriban 4,646,000 mwaka wa kwanza. Wa pili zinabaki 1,808,000 hivi. Ukigawa riba yote nusu kwa nusu utadai kama 3,227,000, na mwaka wa kwanza umejipunja zaidi ya milioni 1.4.

Uchakavu nao: gari la mizigo la chini ya tani 7 liko daraja la kwanza, asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki. Msingi ni bei taslimu, milioni 30, hata kama hujamaliza kulipa. Mwaka wa kwanza ni 11,250,000, wa pili 7,031,250. Usiingize riba kwenye bei hiyo, maana utakuwa umeidai mara mbili.

Haya yote ni kwa anayelipa kodi kwa faida. Mtu binafsi aliye kwenye kodi ya makadirio, inayokokotolewa kwa mauzo, hana pa kuiweka riba hii wala uchakavu.

Angalia pia kilichofichwa ndani ya rejesho. Baadhi ya wakopeshaji huchanganya humo bima na ada ya kifaa cha kufuatilia gari. Vitoe kwanza, uviandike kama gharama zake, ndipo ukokotoe riba. Vinginevyo fomula itakupa riba kubwa kuliko uliyotozwa. Faini ya kuchelewa usiitie kwenye jedwali kabisa.