Muhuri wa serikali hauthibitishi ukweli

“Nikipata waraka wa serikali wenye muhuri pale Nyaraka za Taifa, Nairobi, si huo ndio ukweli wenyewe?”

Hapana. Muhuri unathibitisha tu ofisi iliyoutoa.

Chukua kambi ya Hola. Tarehe 3 Machi 1959, watu 11 waliozuiliwa huko kwa kushukiwa kuwa Mau Mau walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema vifo vilitokea baada ya kunywa maji ya gari la maji. Haikutaja kipigo. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kupigwa: askari waliwapiga kwa virungu walipokataa kufanya kazi.

Sasa uliza: nani aliandika? Serikali ileile iliyoendesha kambi na kuidhinisha mpango wa kuwalazimisha kufanya kazi. Kwa ajili ya nani? Magazeti, na kupitia hayo wabunge wa London waliokuwa wakihoji kambi hizo. Kwa lengo gani? Kuepuka lawama. Tazama pia jinsi sentensi ilivyosukwa: huenda maji yalinywewa kweli, lakini kuyatanguliza kunamfanya msomaji ayaone kuwa ndiyo chanzo. Uongo wa aina hii ni mgumu kunaswa, kwa sababu kila neno peke yake linaweza kutetewa.

Hata hivyo taarifa hiyo isitupwe. Haituelezi watu wale walikufaje, ila ni ushahidi mzito wa kile ambacho watawala walitaka kiaminiwe.